Mahudhurio kwa kadi za RFID shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu stima kupotea, mtandao kukatika na rekodi zisizolingana

Ukurasa huu umeandikiwa walimu wa TEHAMA, mafundi na kamati za shule za Nairobi zinazotaka kuweka kisomaji cha kadi langoni na hifadhidata ndogo ofisini. Kukifanya kisomaji kilie mtoto anapogusisha kadi ni kazi ya siku moja. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba stima ikipotea katikati ya asubuhi, hakuna mtoto anayefutika kwenye orodha na hakuna anayehesabiwa mara mbili. Maswali mengi tunayopata yanahusu hapo, na majibu mengi pia.

Saa zimeandikwa kwa Kiswahili: saa 1:00 asubuhi ndiyo 07:00 kwenye skrini.

Lango moja linahitaji vifaa gani?

Tuchukue shule ya kutwa yenye wanafunzi 420 wanaopita lango moja. Kwa kila kisomaji utahitaji bodi moja ya ESP32, moduli moja ya RC522 ya kusoma kadi, moduli ya saa ya DS3231, kipaza mlio kidogo, taa mbili za LED (kijani na nyekundu), betri yenye saketi ya kuchaji, na sanduku la plastiki. Ofisini weka kompyuta moja inayotunza hifadhidata, na ruta ya waifai inayofika langoni. Vyote hivi hupatikana madukani Luthuli.

Weka visomaji viwili. Mtoto mmoja huchukua kama sekunde 2 kusogea, kugusisha na kupita. Watoto 420 kwa kisomaji kimoja ni sekunde 840, yaani dakika 14 bila pengo lolote, na watoto hawaji kwa mpangilio huo. Wengi hufika dakika chache kabla ya kengele. Kisomaji cha pili hupunguza msongamano, na kimoja kikiharibika lango haliwi bila chochote.

Kwa kompyuta ya ofisini tunapendekeza laptopu ya zamani kuliko Raspberry Pi. Sababu ni moja tu: laptopu ina betri yake. Pi isiyo na betri huzimika ghafla kila stima inapopotea, na kadi yake ya kumbukumbu huweza kuharibika ikikatwa umeme katikati ya kuandika. Hakikisha tu kwamba betri ya laptopu hiyo bado inashika angalau saa moja.

Nyaya zinaunganishwaje?

RC522 hutumia volti 3.3. Usiipe volti 5, itaungua. Unganisha SDA kwa GPIO 5, SCK kwa 18, MISO kwa 19 na MOSI kwa 23. Michoro mingi ya mtandaoni huweka RST ya RC522 kwenye GPIO 22. Hapo pana mtego, kwa sababu pini 22 ndiyo ambayo maktaba za ESP32 huitumia kwa SCL ya moduli ya saa, pamoja na 21 kwa SDA. Ukifuata mchoro huo kisha uongeze DS3231, kimoja kati ya viwili kitakataa, na utatafuta kosa kwenye programu bila kulipata. Peleka RST kwa GPIO 27.

Nyaya za RC522 ziwe fupi, chini ya sentimita 20, na zilehemiwe. Nyaya za kuchomeka tu hulegea baada ya lango kufungwa kwa kishindo kwa wiki kadhaa.

Tununue kadi za aina gani?

RC522 husoma kadi za megahezi 13.56, kwa kawaida MIFARE Classic 1K. Kuna kadi nyingine za kilohezi 125 zinazofanana kabisa kwa macho, na RC522 haitaziona hata ukizibandika juu yake. Nunua kadi 2 za majaribio kabla ya kulipia 420.

Mfumo huu husoma namba ya kadi tu, yaani UID. UID inaweza kunakiliwa kwenye kadi tupu zinazouzwa kwa kazi hiyo. Kwa mahudhurio hilo linavumilika. Kwa kufungua mlango wa stoo au kulipia chakula, halivumiliki, kwa hiyo usiruhusu kadi hizi zipewe kazi hizo baadaye.

Kwa nini kisomaji kisitume moja kwa moja kwenye hifadhidata?

Kwa sababu kati ya lango na hifadhidata kuna ruta, umbali, kuta na stima, na chochote kati ya hivyo kinaweza kukatika wakati watoto wamepanga foleni. Kisomaji kinachosubiri jibu la seva kabla ya kulia kitazuia foleni nzima. Kinacholia bila kuhifadhi kitamdanganya mtoto.

Mpangilio unaofaa ni huu. Kisomaji kinasoma UID. Kinaipa rekodi namba ya mfululizo. Kinaiandika kwenye faili iliyo katika kumbukumbu yake yenyewe, kwa mfumo wa faili wa LittleFS. Kikishaiandika, ndipo kinalia na kuwasha taa ya kijani. Kutuma ni kazi ya pembeni inayoendelea yenyewe: kila sekunde chache kisomaji huchukua rekodi zisizozidi 50 kutoka pale kilipoishia na kuzituma kwa pamoja. Seva ikishazihifadhi hujibu kwa namba ya mwisho iliyohifadhiwa, na hapo tu kisomaji husogeza alama yake mbele. Jibu lisipofika, alama inabaki palepale na rekodi zilezile hutumwa tena.

Mlio, basi, una maana moja: rekodi iko salama ndani ya kisomaji. Mlinzi hahitaji kujua kama intaneti ipo.

Jambo dogo linalosahaulika ni kwamba faili lazima ifungwe, au ilazimishwe kuandikwa kwa `flush()`, baada ya kila mguso. LittleFS imeundwa kuhimili kukatika kwa umeme, lakini haiwezi kuokoa data ambayo bado iko kwenye RAM.

Kumbukumbu ya kisomaji haitajaa?

Haitajaa upesi. Rekodi moja huenea katika baiti 24: namba 4, wakati 4, UID hadi 10, urefu wa UID 1, alama za hali 1, na baiti 4 za CRC za kukagua kama rekodi ni nzima. Hata kisomaji kimoja kikibeba watoto wote 420, asubuhi na jioni, hiyo ni miguso 840, yaani takriban kilobaiti 20 kwa siku. Sehemu ya megabaiti 1 kwenye ESP32 inatosha zaidi ya mwezi mmoja wa masomo bila kutuma chochote. Gawa rekodi katika faili ya kila siku, ufute faili ambayo yote imeshathibitishwa na seva.

Hifadhidata yenyewe ikoje?

SQLite inatosha na kubaki. Jedwali la miguso ni hili:

```sql
CREATE TABLE mguso (
  kisomaji   TEXT    NOT NULL,
  namba      INTEGER NOT NULL,
  uid        TEXT    NOT NULL,
  wakati_utc INTEGER NOT NULL,
  saa_sawa   INTEGER NOT NULL DEFAULT 1,
  PRIMARY KEY (kisomaji, namba)
);
```

Na rekodi huingizwa hivi:

```sql
INSERT INTO mguso VALUES (?, ?, ?, ?, ?)
ON CONFLICT (kisomaji, namba) DO NOTHING;
```

Ufunguo wa jina la kisomaji na namba ndio unaobeba mfumo mzima. Rekodi ileile ikija mara mbili au mara kumi, inahesabiwa mara moja.

Mambo mawili kuhusu SQLite. Kwanza, seva ijibu baada ya `COMMIT` kukamilika, na uweke `PRAGMA synchronous=FULL`. Ukitumia WAL na `NORMAL`, umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya mwisho ambayo kisomaji kimeshaambiwa iko salama, na kisomaji hakitaituma tena. Pili, usiliunganishe jedwali hili na jedwali la kadi kwa `FOREIGN KEY`. Kadi isiyojulikana ikigusishwa, seva itaikataa rekodi, na kisomaji kitaendelea kuituma bila mwisho huku nyingine zikisubiri nyuma yake. Pokea kila kitu. Maswali ya kadi ni ya nani yajibiwe wakati wa kutoa ripoti.

Stima ikipotea asubuhi, hasa hutokea nini?

Tufuate asubuhi moja kwa hesabu. Kisomaji LANGO-A kilikuwa kimethibitishiwa hadi rekodi 18,240. Saa 1:05 kinatuma rekodi 20, kuanzia 18,241 hadi 18,260. Seva, ambayo ni laptopu yenye betri, inazihifadhi zote. Kabla jibu halijaondoka, stima inapotea na ruta inazimika. Seva inajua kwamba rekodi zimefika. Kisomaji hakijui.

Watoto wanaendelea kuingia. Kisomaji kiko kwenye betri, kinalia kama kawaida, na namba zinapanda hadi 18,402. Hizo ni rekodi 142 ambazo ziko langoni tu.

Saa 1:41 stima inarudi. Ruta inachukua dakika moja au mbili kuamka. Kisomaji kinaanza tena kutoka 18,241, kwa sababu ndipo alama yake ilipo. Fungu la kwanza ni 18,241 hadi 18,290: kati ya hizo 50, seva inazitambua 20 na kuzipuuza, inahifadhi 30, inajibu 18,290. Kisha 50, kisha 50, kisha 12 za mwisho. Zimetumwa 162, zimeingia mpya 142, na hakuna aliyekosekana.

Sasa fikiria seva isiyo na ufunguo ule. Wale 20 wa kwanza wangekuwa na miguso miwili kila mmoja. Kama programu imeandikwa kwa mtindo ulioenea, kwamba mguso wa kwanza ni kuingia na wa pili ni kutoka, basi watoto 20 walioketi darasani wangeonekana wameondoka shuleni. Ndiyo maana tunashauri usiandike "ameingia" au "ametoka" kwenye jedwali la miguso. Hifadhi kilichotokea tu: kadi hii, kisomaji hiki, wakati huu. Maana yake ipatikane kwenye ripoti, kwa mfano mguso wa kwanza kabla ya saa 5:00 ndio kufika, na wa mwisho baada ya saa 9:00 alasiri ndio kuondoka.

Foleni ya rekodi zinazosubiri kutumwa haipungui ingawa mtandao upo. Kwa nini?

Mara nyingi kuna rekodi moja mbovu iliyoziba. Umeme ulikatika katikati ya kuandika, baiti 24 hazikukamilika, seva inakataa fungu zima, kisomaji kinalituma tena lilelile. Dalili yake ni kwamba namba ya mwisho iliyothibitishwa haisogei hata kidogo, wakati kumbukumbu za seva zinaonyesha maombi yanaingia kila sekunde chache yakiwa na kosa lilelile.

Tiba ni kukagua CRC ndani ya kisomaji kabla ya kutuma. Rekodi isiyolingana ihamishiwe kwenye faili ya mabovu, na mahali pake itumwe rekodi yenye namba hiyohiyo na UID `00`, ili mfululizo usiwe na pengo lisilo na maelezo. Kwa mpangilio tulioueleza, rekodi inayoharibika hivyo ni ile ambayo kisomaji kilikuwa hakijalia kwa ajili yake. Mtoto hakusikia mlio, kwa hiyo alipaswa kugusisha tena.

Tulibadilisha bodi ya ESP32 na rekodi mpya haziingii, ingawa kisomaji kinalia na foleni ni sifuri.

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote humu, kwa sababu kila taa inaonyesha kijani. Bodi mpya imeanza kuhesabu kutoka 1 ikiwa na jina lilelile la LANGO-A. Seva inaona LANGO-A namba 1, inakumbuka kwamba ilishaipata mwaka jana, inaipuuza na kujibu "imehifadhiwa". Kisomaji kinasogeza alama. Rekodi imepotea kimya kimya. Vivyo hivyo hutokea ukifuta kumbukumbu ya bodi ileile wakati wa kupakia programu upya.

Kinga ya kwanza: kila kumbukumbu inapoumbwa upya, kisomaji kijitungie jina jipya lenye herufi za bahati nasibu, kama `LANGO-A-7f3c`. Ripoti itatumia sehemu ya mbele, ufunguo utatumia jina zima. Kinga ya pili iko kwenye seva: rekodi ikigongana na iliyopo, linganisha UID na wakati. Vikiwa sawa, ni marudio halali. Vikitofautiana, usijibu kwamba imehifadhiwa. Toa tahadhari kwa fundi.

Ikiwa tayari limetokea, usifute faili za siku zilizo kwenye kisomaji. Badilisha jina, rudisha alama kwenye mwanzo, na acha zitumwe upya.

Saa za ripoti zimepishana kwa saa tatu, au zinaonyesha mwaka 2000.

Haya ni matatizo mawili tofauti. Tofauti ya saa tatu si hitilafu ya kifaa. Tumehifadhi wakati kwa UTC, na Nairobi iko mbele kwa saa 3 mwaka mzima. Mguso wa saa 1:12 asubuhi huonekana kama 04:12 hadi uuongezee:

```sql
SELECT datetime(wakati_utc, 'unixepoch', '+3 hours') FROM mguso;
```

Mwaka 2000 maana yake moduli ya saa ilikosa umeme wake wa akiba. DS3231 yenyewe ni sahihi sana. Hupotea takriban dakika moja kwa mwaka. Tatizo huwa ni betri ya kitufe. Moduli ya bei nafuu iliyoandikwa ZS-042 ina saketi ya kuchaji, inayofaa betri ya LIR2032. Ukiweka CR2032 ya kawaida, ambayo haichajiki, itasukumiwa umeme kila siku hadi iharibike au ivimbe. Ondoa ile rezista ndogo ya ohmu 200 iliyo kando ya dayodi kwa pasi ya kulehemu, au tumia LIR2032.

Kwenye programu, kila kisomaji kinapowaka kiulize `rtc.lostPower()`. Jibu likiwa ndiyo, endelea kupokea miguso lakini iandike na `saa_sawa` = 0 mpaka saa irekebishwe kutoka kwa seva. Kwa kuwa namba ni za mfululizo, rekodi 18,300 isiyo na saa ikikaa kati ya 18,299 ya saa 1:20 na 18,301 ya saa 1:21, unajua ilipo. Usirekebishe wakati kwa kubahatisha bila kuacha alama hiyo.

Kisomaji kinawaka lakini hakisomi kadi yoyote.

Anza kwa kuuliza chipu yenyewe. Soma rejista ya toleo, `VersionReg`, anwani 0x37. Ikijibu 0x91 au 0x92, chipu iko hai na nyaya ni nzima. 0x88 ni nakala ya chipu hiyo, kwa kawaida hufanya kazi. Ikijibu 0x00 au 0xFF, hakuna mawasiliano: angalia lehemu, volti 3.3, na pini ya RST.

Ikijibu 0x92 na bado haisomi, angalia antena. RC522 ikipatwa na mshuko mfupi wa volti hujiwasha upya peke yake, na ikiwaka upya antena yake huwa imezimwa. ESP32 haijui kilichotokea, kwa hiyo inaendelea kuuliza "kuna kadi?" na kujibiwa hapana. Kwenye `TxControlReg`, anwani 0x14, biti mbili za mwisho zinapaswa kuwa 1. Kagua kila sekunde 10. Zikiwa 0, ita `PCD_Init()` upya. Hatua hii moja huondoa ile desturi ya mlinzi kuchomoa na kuchomeka kisomaji kila asubuhi. Kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya 3.3V na GND karibu na moduli hupunguza tatizo lenyewe.

Kama kinasoma mezani lakini si langoni, tatizo ni chuma. Sanduku la bati kutoka kwa mafundi wa Kamukunji ni imara, lakini bati likiwa mbele au nyuma ya antena linaua usomaji. Tumia sanduku la plastiki, na kati ya moduli na nguzo ya lango acha nafasi ya sentimita 3 au zaidi. Umbali wa kawaida wa kusoma ni sentimita 2 hadi 5, usitarajie zaidi.

Kama kadi ya mtoto mmoja tu ndiyo inakataa, angalia mfuko wake. Kadi mbili pamoja huingiliana.

Tutumie pawabenki kama betri?

Kwa majaribio, sawa. Pawabenki ya mAh 10,000 ina takriban Wh 37. Kisomaji kikitumia wati 1 na hasara ya asilimia 20, kitakaa zaidi ya siku nzima. Lakini pawabenki nyingi hukata umeme kwa sekunde moja chaja inapochomekwa au stima inaporudi, na hapo kisomaji hujiwasha upya katikati ya foleni. Nyingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno. Kwa kazi ya kudumu weka betri ya 18650 yenye bodi ya kuchaji inayotoa umeme na kuchaji kwa wakati mmoja, uthibitishe kwa kuchomoa na kuchomeka mara kadhaa huku ukitazama kama kisomaji kinajiwasha upya.

Ruta nayo ipewe betri ndogo ya ruta. Si lazima, kama mfano wa juu unavyoonyesha, lakini inapunguza muda ambao ofisi haioni kinachoendelea langoni.

Mtoto akigusisha mara tatu kwa haraka?

Kisomaji kikumbuke UID zilizopita ndani ya sekunde 60. Ikijirudia, kilie tena ili mtoto aridhike, lakini kisiandike.

Kadi ikipotea?

Usibadilishe UID kwenye rekodi ya mwanafunzi. Ukifanya hivyo, mahudhurio yake ya zamani yanakosa mwenyewe. Jedwali la `kadi` liwe na safu za `uid`, `mwanafunzi`, `tangu` na `hadi`. Kadi iliyopotea hufungwa kwa kuandikiwa `hadi`, na mpya hufunguliwa kwa `tangu`. Ripoti huunganisha mguso na kadi iliyokuwa halali wakati huo:

```sql
SELECT k.mwanafunzi, MIN(m.wakati_utc) AS alifika
FROM mguso m JOIN kadi k ON k.uid = m.uid
 AND m.wakati_utc >= k.tangu
 AND (k.hadi IS NULL OR m.wakati_utc < k.hadi)
WHERE m.wakati_utc >= :mwanzo AND m.wakati_utc < :mwisho
GROUP BY k.mwanafunzi;
```

Mguso wa kadi iliyofungwa bado unahifadhiwa, na ni vyema uonekane kwenye orodha ya pembeni: mtu ameiokota.

Je, tunaweza kumtumia mzazi SMS mtoto asipofika?

Ndiyo, lakini si kwa kutazama hifadhidata peke yake. Rudi kwenye asubuhi ya mfano. Kama SMS zingetumwa saa 1:35, wakati rekodi 142 ziko langoni, wazazi 142 wangeambiwa watoto wao hawajafika ilhali wako darasani. Mzazi aliye kazini Industrial Area ataacha kazi akimbie shuleni, na ana haki ya kukasirika.

Kwa hiyo mfumo utofautishe "hajagusa" na "hayupo". Kila kisomaji kitume salamu kila dakika, ikitaja urefu wa foleni yake, hali ya saa na jibu la `VersionReg`. Orodha ya "hajagusa" itolewe tu ikiwa salamu ya kila kisomaji ina umri usiozidi dakika 5 na foleni zote ni sifuri. Kisha mwalimu wa darasa aipitie kwa macho, awaondoe waliopo, na akithibitisha ndipo SMS iende. Salamu ikikosekana, skrini ya ofisi iseme wazi kwamba LANGO-A hakijasikika tangu saa fulani, na mwalimu aite majina kwa rejista ya karatasi.

Uthibitisho wa mwalimu unaziba pia pengo ambalo hakuna kisomaji kinachoweza kuliziba: mtoto aliyebeba kadi ya mwenzake. Kadi huthibitisha kwamba kadi ilifika.

Sheria inasemaje kuhusu data za watoto?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data ya mtoto. Pata idhini kwa maandishi kabla ya kugawa kadi. Usiandike jina, namba ya UPI wala darasa ndani ya chipu, UID inatosha. Laptopu iwe na nenosiri na diski iliyosimbwa, kwa sababu ikiibwa, yaliyomo ni saa ambazo kila mtoto huingia na kutoka. Kwa nakala ya akiba tumia amri ya `.backup` ya SQLite. Kunakili faili tu wakati seva inaandika kunaweza kukupa nakala isiyofunguka.

Tutajuaje kama mfumo uko tayari kabla ya muhula kufunguliwa?

Chukua kadi 30. Gusisha 10. Chomoa ruta. Gusisha 10 nyingine, na katikati yake ukate umeme wa kisomaji chenyewe pamoja na betri, ukiwashe tena. Rudisha ruta, na kabla foleni haijaisha, zima programu ya seva kwa nguvu, uiwashe. Gusisha 10 za mwisho. Subiri salamu iseme foleni ni sifuri, kisha uendeshe:

```sql
SELECT COUNT(*), COUNT(DISTINCT uid), MAX(namba) - MIN(namba) + 1
FROM mguso WHERE kisomaji = 'LANGO-A-7f3c';
```

Kwenye hifadhidata tupu, namba zote tatu zinapaswa kuwa 30. Ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya tatu, kuna rekodi zilizopotea njiani: kagua kama seva inajibu kabla ya `COMMIT`. Ya pili ikiwa 29 na nyingine pia 29, mguso mmoja ulilia bila kuandikwa: kagua `flush()`. Ya kwanza ikizidi ya pili, kadi moja iliandikwa mara mbili kwa namba tofauti, na kosa liko kwenye kile kikumbusho cha sekunde 60, ambacho hufutika kisomaji kinapozimwa. Hilo la mwisho halidhuru ripoti. Mawili ya kwanza yarekebishwe kabla ya kadi kugawiwa.